Uji wa Maji Si Heshima: Tuache Kuwadhoofisha Wazee Wetu kwa Kikombe

 Wiki hii siandiki habari ya mbolea wala kutu ya majani ya kahawa. Naandika nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Katika vijiji vyetu kuna maneno mawili yanayowamaliza wazee polepole. La kwanza ni "ni uzee tu". La pili ni "mpe uji, ni laini". Maneno hayo yanasemwa kwa upendo na watu wenye maharage ghalani, karanga kwenye debe na kuku uani. Lakini yakifuatana miezi mitatu, yanamtoa mzee shambani yanamweka kwenye mkeka, na ukifika msimu mwingine tunachanga pesa za jeneza.

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini kulisha ndiyo kazi yangu. Ng'ombe wa mkulima akipunguza kula siku mbili naitwa kwa simu usiku. Bibi wa nyumba hiyo hiyo akipunguza kula miezi miwili, hakuna anayepiga simu. Naomba tuliangalie jambo hili bila kuoneana haya.

KIKOMBE CHA UJI KINA NINI NDANI YAKE?

Chukua kikombe cha robo lita. Uji tunaompa mzee, ule unaoteremka kama chai, huwa na vijiko viwili vya chakula vya unga wa mahindi, na vilivyobaki ni maji. Unga huo unatoa kalori kama 65. Ongeza vijiko viwili vidogo vya sukari, unafika karibu 95. Basi. Tumbo limejaa robo lita, lakini nguvu iliyoingia inakaribia ya ndizi mbivu moja.

Mzee mwenye kilo 42 anahitaji karibu kalori 1,300 kwa siku ili asipungue. Kwa uji huo peke yake angelazimika kunywa vikombe 13 au 14. Hata kijana aliyetoka kupalilia kahawa hawezi. Mzee anakunywa viwili, anasema ameshiba, nasi tunamwamini. Na kweli ameshiba, ila ameshiba maji.

Hapa ndipo wengi hawaelewi. Mzee anaposema "nimeshiba" baada ya matonge mawili, hadeki wala hasusi. Mtu akizeeka, sehemu ya juu ya tumbo hailegei kupokea chakula kama zamani, na chakula kinachukua muda mrefu zaidi kutoka. Taarifa za shibe zinafika kichwani mapema na zinakaa. Pua inapungua kunusa na ulimi unapungua kuonja, kwa hiyo hata mchicha mtamu unakuwa kama majani tu. Ongeza meno yaliyotoka, choo kigumu na upweke wa kula peke yake nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo nafasi ya tumbo la mzee ni ndogo. Kila kijiko kinachoingia mle lazima kibebe mzigo. Sisi tunafanya kinyume: nafasi ikipungua, ndipo tunaijaza maji.

TUNALIJUA KOSA HILI KWA WATOTO, TUMELISAHAU KWA WAZEE

Nchi yetu ilishalijua jambo hili zamani. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi yao kuhusu uji wa watoto wanaoanzishwa chakula. Tatizo walilolishughulikia ni hili: uji mwepesi unajaza tumbo dogo la mtoto kabla hajapata nguvu ya kutosha. Ukiuongeza unga unakuwa mzito mno, hawezi kuumeza. Njia ya kutoka haikuwa kitu cha kuagiza Ulaya. Ilikuwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa walioifundisha njia hiyo.

Leo mama yeyote aliyepita kliniki ameambiwa uji wa mtoto uwe mzito na uongezwe karanga na mafuta. Sasa niambie, kwa nini bibi yake mtoto huyo, mwenye tumbo linalopokea kidogo na mdomo usio na meno, anapewa maji?

Na kimea kipo hapa hapa. Kila anayepika komoni anakijua. Tumekiacha kilabuni wakati kazi yake kubwa iko jikoni.

KIMEA KINAFANYAJE KAZI?

Wanga wa unga ukipikwa unavimba na kushika maji, ndiyo maana uji unakuwa mzito. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kukata wanga huo ili mche upate chakula. Ukiweka kijiko kidogo cha unga wa kimea katika uji mzito wenye moto wa wastani, kimeng'enya kile kile kinaukata wanga na uji unalegea mbele ya macho yako. Unga haujapungua, wala hujaongeza maji. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko sasa unanyweka, nao umebeba unga wote uliouweka.

Kuna watakaosema, "Bwana Shamba, mama yangu ni mlokole, hawezi kunywa pombe." Si pombe. Pombe inahitaji chachu na siku kadhaa za kuchacha. Uji huu unachemshwa na kunywewa siku hiyo hiyo.

Kutengeneza kimea, fuata hatua hizi. Ulezi ndio mzuri zaidi.

1. Pepeta na uchague kilo moja ya ulezi mzima wa msimu huu. Wenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuchemsha.
2. Osha, kisha loweka kwa maji safi usiku mzima.
3. Asubuhi chuja, utandaze mahali penye kivuli juu ya kitambaa safi au majani ya mgomba yaliyooshwa, ufunike. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni. Usitumie gunia lililokaa mbolea au dawa ya kunyunyizia kahawa.
4. Siku ya pili au ya tatu mbegu zitakuwa zimetoa vimizizi. Hapo simamisha. Zikinuka uvundo au kuota nywele za ukungu, tupa zote uanze upya.
5. Anika juani juu ya turubai safi hadi zikauke kabisa na kukatika ukiziuma. Zifikiche kwa mikono, pepeta vimizizi vyote, kisha saga. Ukitumia mtama badala ya ulezi, hatua hii usiiruke hata kidogo, maana miche ya mtama ina sumu.
6. Hifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Saga kidogo kidogo, wa kutosha wiki chache tu.

Sasa uji wenyewe, kikombe kimoja cha robo lita:

Weka vijiko sita vya chakula vya unga wa mahindi, vilivyosawazishwa, katika maji ya kikombe kimoja. Koroga ukiwa baridi, kisha pika hadi uive. Utakuwa mzito kama ugali mlaini. Usiogope. Ipua, uache upoe kidogo, usiwe unatokota tena lakini bado wa moto. Weka kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika tano hadi kumi. Utaona unalegea. Rudisha jikoni uchemke tena dakika tano, kwa sababu kimea kibichi kina vijidudu vya wakati wa kuotesha. Mwisho changanya kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, na kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya alizeti.

Kikombe hicho kina kalori kama 315. Ni zaidi ya mara tatu ya ule uji wa maji wenye sukari, katika nafasi ile ile ya tumbo.

Makosa nimeyaona matatu. Ukiweka kimea uji ukiwa bado unatokota, moto unakiua na uji haulegei. Ukikiweka uji ukishapoa kabisa, kinafanya kazi taratibu mno na utadhani kimea ni kibovu. La tatu, wapo wanaouona umelegea wakaongeza maji "ulainike zaidi". Hapo umerudi ulikotoka.

BIBI WA KWENYE MIZANI YA KAHAWA

Nawaeleza kisa kimoja. Jina silitaji.

Mwanzoni mwa msimu mmoja wa kahawa nilikuwa kwenye kituo cha kupimia cha chama cha msingi. Bibi mmoja alimsindikiza mjukuu wake na magunia. Watoto wakawa wanapandana kwenye mizani wakicheka, naye akapanda kwa utani: kilo 46. Tukacheka, tukaendelea na kahawa.

Miezi mitatu baadaye nilipita nyumbani kwake kukagua miche. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia akiwa amekaa, na alipotaka kuinuka alishika kiti kwa mikono miwili, akajaribu mara mbili. Kitenge kilikuwa kinamzunguka mara moja na nusu zaidi. Mkwewe akaniambia, "Mama siku hizi hali, Bwana Shamba. Uzee." Na mimi, mtu wa kulisha, nikajibu, "Ndiyo, uzee una mambo yake." Nikaondoka. Kosa hilo ni langu na sijalisahau.

Wiki iliyofuata nikarudi na mzani wa mkononi. Kilo 42. Alikuwa amepoteza kilo 4 kati ya 46, karibu sehemu moja ya kumi na moja ya mwili wake, kwa miezi mitatu. Wataalamu wa lishe wanasema mtu akipoteza sehemu moja ya ishirini ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni hatari. Kwa mtu wa kilo 46 ni kilo 2 na kidogo. Yeye alishazidi, tena kwa nusu ya muda.

Kwanza alipelekwa kituo cha afya. Hakuwa na kifua kikuu wala kisukari. Alikuwa na choo kigumu na kidonda mdomoni kilichosababishwa na jino lililovunjika. Jino likang'olewa. Kisha tukakaa na mkwewe tukahesabu anachokula: uji wa maji asubuhi na jioni, matonge machache ya ugali mchana, mengine kidogo usiku kwa mchuzi wa maharage, ndizi moja na chai. Jumla haikufika kalori 800. Hakuwa anasusa. Alikuwa anakula karibu kila alichoweza, na kila alichoweza kilikuwa chepesi.

Hatukununua chakula cha ajabu. Tulipanga upya vilivyokuwamo nyumbani:

Saa 1 asubuhi, kikombe cha uji wa kimea wenye karanga na mafuta. Akishindwa kukimaliza, nusu inawekwa kwenye chupa ya chai safi akimalizie baadaye kikiwa moto.

Saa 4, yai moja lililovurugwa kwa kijiko kidogo cha mafuta.

Saa 7 mchana, ugali wa kiasi cha ngumi yake mwenyewe, na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, yaliyoungwa kwa karanga na unga wa dagaa wa Nyasa, wale usipa, vijiko viwili vidogo.

Saa 10 jioni, nusu ya parachichi, limepondwa na chumvi kidogo sana.

Saa 1 usiku, kikombe kingine cha uji wa kimea.

Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, siku yanapopatikana. Yasipokuwapo, yai la pili.

Jumla ni karibu kalori 1,300. Protini, ile inayojenga misuli, inafika kama gramu 45. Mzee anahitaji walau gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake, na ikizidi kidogo ni bora. Hakuna mlo hata mmoja hapo uliojaza sahani.

Hatukuanza na yote siku ya kwanza. Wiki ya kwanza tulibadilisha uji tu, kisha tukaongeza yai, kisha parachichi. Mzee aliyekaa siku nyingi karibu bila kula kabisa msimjaze ghafla nyumbani. Mwili uliozoea njaa unaweza kupata shida kubwa ukipokea chakula kingi kwa mara moja. Huyo apelekwe hospitali kwanza, aanzishwe taratibu.

Mwezi wa kwanza mzani haukupanda. Ulibaki kilo 42, na mkwewe akakata tamaa. Nikamwambia kwamba kusimama kushuka ni ushindi tayari. Mwezi wa pili ukasoma 43. Hakurudi kwenye 46, na sidhani kama atarudi. Misuli ya uzeeni ikipotea hairudi kirahisi, ndiyo maana napiga kelele mapema. Lakini sasa anainuka kwenye kiti bila kushika, anakwenda chooni peke yake, na mchana anakaa kuchambua maharage. Kwa nyumba hiyo maana yake ni kwamba mkwewe amerudi shambani, kwa sababu hahitaji kukaa nyumbani kumwinua mtu.

MNAYONIJIBU, NAMI NAJIBU

"Tumeambiwa wazee waache mafuta, yanaleta presha." Ushauri huo ni wa mtu mwenye uzito uliozidi. Mzee wa kilo 42 anayepungua hajafika kwenye tatizo hilo. Kijiko kidogo cha alizeti kwake ni kalori 40 zisizochukua nafasi tumboni. Kinachohusu presha zaidi jikoni kwetu ni chumvi, hiyo endeleeni kuipunguza.

"Tunamnunulia glukosi." Glukosi ni sukari. Haina protini hata gramu moja. Inamchangamsha saa moja na misuli inaendelea kuisha. Soda ni hivyo hivyo, na inamwondolea nafasi ya yai.

"Dukani kuna vidonge vya kuongeza hamu." Hapa nawasema wafanyabiashara wenzangu waziwazi. Vingi vya vidonge hivyo ni dawa za mzio ambazo zina tabia ya kuongeza njaa. Kwa mzee zinaleta usingizi, kuchanganyikiwa, mkojo kuziba na kuanguka usiku. Nyonga ikivunjika, hamu ya kula itatusaidia nini? Usiuze vidonge hivyo kwa mzee bila cheti cha daktari.

"Tukimwekea kidogo watu watasema tunamnyima." Hili ndilo kubwa. Kwetu heshima ya mzee ni sahani iliyojaa. Lakini mlima wa ugali unamchosha kabla hajagusa, anarudisha, na mnauita ukorofi. Weka kidogo, chenye nguvu, mara sita. Na mtu mmoja akae ale naye. Watu wanakula zaidi wakila pamoja, na mzee aliyepelekewa chakula chumbani peke yake hula cha kumaliza shida tu.

"Hatuna uwezo." Kuna nyumba ambazo kweli hazina, nazo sizisemi. Nasema zile zinazouza trei zima la mayai Jumamosi halafu Jumapili zinampa bibi uji wa maji. Toa mayai saba kwa wiki kabla ya kuuza. Toa vijiko viwili vya karanga kwa siku. Parachichi zinazooza chini ya mti hazihitaji hata hesabu. Mnaolima soya, unga wake unafaa pia kwenye uji, lakini ichemsheni au ikaangeni vizuri kabla ya kusaga. Mbichi inasumbua tumbo.

UJI HAUTIBU KILA KITU

Kukosa hamu mara nyingine ni mlango wa ugonjwa, na chakula hakiufungi. Mpeleke kituo cha afya, usisubiri kimea kikauke, ukiona mojawapo ya haya: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku, chakula kinakwama kooni au anakabwa akinywa, anatapika au ana damu kwenye choo, choo kimekuwa cheusi kama lami, miguu au tumbo vinavimba, ghafla amechanganyikiwa, au amejitenga na kulia tangu kufiwa. Huzuni nayo inafunga tumbo, na inatibika.

Kama anatumia dawa, beba zote uende nazo. Baadhi ya dawa, zikiwemo za kisukari, zinapunguza hamu ya kula. Usimwachishe wewe. Muulize daktari kama inaweza kubadilishwa au kunywewa pamoja na chakula.

Mwenye kisukari uji wa kimea haumfai bila ushauri, kwa sababu wanga uliokatwa unageuka sukari haraka. Kwake ongezeni nguvu kwa yai, karanga, parachichi na mafuta. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kumwona daktari. Aliyepata kiharusi na anakabwa asilazimishwe uji mwepesi wala mzito hadi aangaliwe namna anavyomeza. Na mzee yeyote alishwe akiwa ameketi wima, abaki hivyo walau nusu saa. Usimlishe amelala.

PIMENI

Mkulima hauzi kahawa kwa kukisia. Mpimeni mzee mara moja kila mwezi, mzani ule ule, mavazi mepesi yale yale, mwandike nyuma ya daftari la mauzo. Pasipo mzani, angalieni kitenge au mkanda kinaishia wapi. Na mfanyieni jaribio la kiti: akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano, wewe ukiwa karibu. Akishindwa, au akizidisha sekunde 15, miguu inaisha nguvu. Jaribio hilo hilo, mara chache kwa siku, ndilo zoezi lenyewe. Protini bila kutumia misuli inafanya nusu ya kazi.

Wenye maduka, nanyi mna nafasi yenu. Wekeni unga wa kimea safi wa ulezi katika vifuko vidogo vya robo kilo, vyenye tarehe ya kusaga. Wekeni karanga zilizochaguliwa, zisizo na ukungu wala zilizosinyaa, na usipa waliokauka wasio na mchanga. Ni biashara halali, na wateja wenu wa zamani wataishi kuja kununua tena.

Yule bibi nilipita kwake juzi. Kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshainuka kunipokea, akaniuliza kwa sauti kali mbona miche yake ya kahawa sijaikagua mwezi huu. Nilistahili. Leo jioni kabla hujampelekea mzee wako kikombe, ingiza mwiko ndani yake uutoe. Kama uji wote unachuruzika ukiuacha mwiko mweupe, na hukuweka kimea, rudi jikoni.